Wekundu wa Kisigino

Niliyechora ile ramani ni mimi. Naanza hapo ili mtu asije akadhani nasimulia makosa ya wengine.

Kampuni yetu ipo Bawshar, hapa Maskati, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Kazi yetu kubwa ni programu moja. Nesi anapiga picha ya unyayo wa mgonjwa wa kisukari, programu inaitazama, kisha inasema "hatari" au "salama". Ikisema hatari, mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ikisema salama, anarudi nyumbani mpaka miezi mitatu ipite. Mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asiusikie, na kidonda cha ukubwa wa kokwa ya tende kikamla mguu kimya kimya, kwa hiyo jozi ya pili ya macho si anasa.

Madaktari hawakuitaka mwanzoni. Walisema hawawezi kuamini sanduku linalotoa jibu bila maelezo, na mimi moyoni niliwaunga mkono. Ndipo mkuu wetu, Bwana Murshid, akaniita ofisini kwake.

"Shatha mwanangu," akasema, "hawa watu wape kitu cha kuona."

Nikawapa ramani. Inavyofanya kazi si uchawi. Programu hii inaibana picha hatua kwa hatua, na karibu na mwisho wa hesabu zake picha imebaki viraka arubaini na tisa, saba kwa saba. Mimi naiuliza: kwa jibu hili, kila kiraka kimechangia kiasi gani? Kilichochangia sana nakipaka nyekundu, kilichochangia kidogo njano, kisichochangia buluu. Halafu navivuta viraka hadi vienee picha nzima, nalainisha kingo zake, naulaza ule wekundu juu ya unyayo. Unapata mguu wenye doa linalong'aa.

Wakapenda. Wallahi walipenda. Siku ya kuionyesha nilichagua picha sita, na katika kila moja wekundu ulikaa juu ya kidonda pale pale, kama mtu ameweka kidole. Sita kati ya arubaini. Sikudanganya, nilichagua zilizopendeza tu, kama watu wanavyochagua picha za harusi za kuwapa wageni. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu: "Nyekundu ni mahali programu ilipochunguza." Zote sita zilikuwa za jibu la "hatari". Hakuna aliyeuliza wekundu una maana gani programu ikisema "salama". Na mimi, mwenye digrii mbili na mdomo mrefu, sikujiuliza.

Programu ikaingia katika vituo vya afya vinne. Katika kituo kimoja chumba cha miguu kilikuwa mikononi mwa Jerusha, nesi wa Kisumu aliyekuwa amekaa Maskati miaka tisa. Ndiye aliyetusaidia tangu siku za majaribio. Alikuwa na mazoea ya kumwosha mgonjwa miguu mwenyewe, taratibu, huku akimuuliza habari za wajukuu, na wazee wa Kizanzibari walimpenda kwa sababu alizungumza nao Kiswahili, ingawa walimcheka kila siku kwa Kiswahili chake.

Jerusha akanipigia simu Jumapili asubuhi, nimeshaanza kazi.

"Dada Shatha," akasema, "Bi Nasriya amekatwa mguu."

Nikamuuliza Bi Nasriya nani.

"Mgonjwa wangu. Nilimpima siku kumi na moja zilizopita. Mashine ikasema salama. Kuja uone, tafadhali. Mimi sielewi."

Nikaenda. Akafungua faili mbele yangu. Unyayo wa kulia wa mwanamke wa miaka sabini na mbili, umepakwa hina kisigino chote na ncha za vidole, hina iliyokolea mpaka imekuwa nyeusi. Katikati ya kisigino kulikuwa na ufa mdogo, kama nyufa walizonazo wanawake wote wanaotembea pekupeku nyumbani. Jibu: salama, asilimia tisini na moja. Na juu ya kisigino, ramani yangu, nyekundu imekoza.

"Niliushika," Jerusha akasema. "Ulikuwa na moto kidogo kuliko ule mwingine. Hata nikaandika, ona hapa." Kwenye faili aliandika kwa Kiingereza kwamba kisigino cha kulia kina joto kuliko cha kushoto. "Nilikuwa nataka kumtuma hospitali. Halafu nikaona hii red yenu iko kwa kisigino, hapo hapo penye nilikuwa na wasiwasi. Nikajiambia, basi imepaona. Imepaangalia vizuri na imesema si kitu. Mimi ni nani?"

Nilisikia aibu mpaka masikio yakaniwaka. Kama pasingekuwa na ramani, angeufuata mkono wake.

Nikarudi ofisini na ile picha na sikula chakula cha mchana. Nikaiuliza programu swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwaka mmoja kabla: hebu nionyeshe ramani za watu wote uliosema wako salama. Nikazifungua mia, mia mbili, mia tatu. Mwanamke aliyepaka hina vidole tu, wekundu uko vidoleni. Aliyechora duara katikati ya unyayo, wekundu uko katikati. Aliyepaka kisigino, kisiginoni. Wekundu ulikuwa ukiifuata hina kila inapokwenda.

Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Picha zetu za vidonda tulizipata kwenye kliniki ya hospitali, na wenye vidonda huko wanakatazwa kupaka hina. Picha zetu za miguu mizima tulizipiga wiki moja baada ya Iddi, katika ukumbi wa wanawake hapa hapa Bawshar, wanawake mia tatu na ushee, na Iddi gani mwanamke wa kwetu anakaa bila hina? Nilikuwepo mimi mwenyewe. Nilimpeleka hata mama yangu. Programu haikufundishwa kidonda ni nini peke yake. Ilijifundisha pia kwamba penye hina pana amani.

Angekuwepo mgeni yeyote katika ule ukumbi, Mjerumani, Mkorea, angeuliza, "Hii rangi ya kahawia ni nini?" Mimi sikuiona. Kwetu hina haionekani, kama mtu asivyoona pua yake. Katika timu nzima mwanamke ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kuiona.

Sikutaka kubahatisha. Nikaichukua picha ya Bi Nasriya, nikaifunika hina kwa rangi ya ngozi iliyo jirani, ufa nikauacha ulivyo. Programu ikasema hatari, asilimia sabini na nne. Nikachukua picha arubaini za vidonda vya kweli, nikapaka hina ya kompyuta pembeni ya kila kidonda bila kukigusa. Ishirini na tisa zikageuka salama. Nikapaka kijani mahali pale pale badala ya hina, zikageuka mbili tu. Nikakaa nikitazama namba hizo kwa hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mmoja tu ofisini humo, na ndiye aliyekalia kiti changu.

Bwana Murshid alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Akanywa kahawa yake, akasema, "Tutairekebisha. Toleo lijalo tutaongeza picha za hina za pande zote mbili, wenye vidonda na wazima. Kazi nzuri."

"Na Jerusha? Mtoto wa yule bibi ameshapeleka malalamiko. Kituo kinamwita Jerusha kwenye kikao."

"Jerusha si mfanyakazi wetu, Shatha."

"Lakini ramani ni yetu."

Akaweka kikombe chini. "Kwenye mkataba tumeandika: programu inashauri, uamuzi ni wa nesi. Nenda ukaeleze, sikuzuii. Lakini eleza unachokijua, usieleze unachokidhani."

Kabla ya kikao nikaenda kumwona Bi Nasriya hospitali. Nilimkuta ameegemezwa mito, shuka imelala sawasawa pale ambapo mguu ungeinua kitambaa. Nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Sidhani alinielewa, au labda alinielewa akaona haina maana.

"Hina nnapaka kwa sababu miguu inaniwaka moto, mwanangu," akasema. "Usiku na mchana inawaka. Mama yangu alikuwa akijipoza hivyo, na bibi yangu. Nani angeniambia?" Akapapasa shuka kidogo. "Yule nesi wangu yuko wapi? Mwambieni aje. Mikono yake laini."

Nikamwambia kuna malalamiko, kwamba mwanawe Saeed ameandika barua na Jerusha anaweza kupoteza kazi. Akashangaa, akasema atazungumza na Saeed. Saeed alikuwa nje kwenye baraza ya wodi. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba barua imeshasainiwa, na kwamba mama yake amekatwa mguu, na kwamba kama mkosaji si nesi basi nimtajie ni nani. Nikajitaja mimi. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kulia kwenye msiba usio wake.

Kikao kilifanyika Jumatano saa nne asubuhi, kwa Kiarabu. Mwenyekiti alikuwa Daktari Lamya, bingwa wa kisukari, mwanamke wa maneno machache ambaye kwa kweli namheshimu. Jerusha alikuwa na Kiarabu cha kazini, cha inua mguu na shusha mguu, kwa hiyo nikakaa karibu naye nikimnong'oneza Kiswahili. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

Nikaonyesha kila kitu. Ramani mia tatu, hina inavyofuatwa. Picha arubaini zilizogeuzwa. Daktari Lamya alitazama kwa makini, hata akaniomba nirudie mbili tatu. Kisha akarudisha picha ya Bi Nasriya ukutani, na wekundu wake.

"Bi Shatha, mwaka jana ulitufundisha kwamba nyekundu ni mahali programu ilipochunguza. Nyekundu iko kisiginoni. Kidonda kilikuwa kisiginoni. Kwa hiyo ilipaona."

"Nilikosea kuandika hivyo," nikasema. "Ramani hii ni ya jibu la salama. Wekundu unasema: hapa ndipo palipoifanya iseme salama. Hausemi kwamba ilikiona kidonda ikakipima. Tena rangi hizi tunazivuta kila mara hadi zifike nyekundu: kwenye kila picha, pale palipochangia zaidi ya pengine panakuwa pekundu hata kama mchango wenyewe ni hafifu."

"Basi uniambie jambo moja. Katika picha hii, si hizo nyingine, hii ya Bi Nasriya: wekundu huu ni wa hina au ni wa ule ufa?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kisigino chote kinaingia katika viraka vitatu, na ufa ulikuwa katikati ya hina. Ramani haiwezi kuvitenganisha. Nilishajaribu ramani ya aina nyingine, inayouliza kila nukta ya picha badala ya viraka, ikanipa chengachenga kama mchanga uliomwagika, kila mtu anaona anachotaka. Kulikuwa na ya tatu, nzuri mno, inayochora mistari ya mguu na nyufa zote utadhani kalamu ya msanii, na Bwana Murshid alitaka niilete hiyo. Nikakataa, kwa sababu nilizivuruga namba zote ambazo programu ilijifunza, nikaiacha haijui lolote, na ile ramani nzuri ikachora mguu ule ule karibu bila tofauti. Inachora picha, haichori mawazo ya programu.

"Siwezi kutenganisha, Daktari," nikasema. "Ramani inaonyesha mahali. Haionyeshi ni kitu gani mahali hapo, wala kwa nini."

"Na lile jaribio la kuifunika hina. Ile si picha ya mgonjwa tena, sivyo? Ni picha uliyoipaka wewe."

"Ndiyo. Lakini hizo arubaini..."

"Hizo arubaini ni hoja nzito dhidi ya programu, nami nitaandika hivyo kwenye ripoti nyingine. Leo tunajadili kilichofanyika chumbani siku ile." Akamgeukia Jerusha na kuzungumza polepole ili nipate nafasi ya kutafsiri. "Uliandika kwamba kisigino kina joto. Ulijua. Kwa nini ukamrudisha nyumbani?"

Nikamnong'oneza. Jerusha akajibu kwa Kiswahili, akinitazama mimi, si daktari.

"Kwa sababu mashine ilipaangalia pale pale nilikuwa nimeshika. Kama red ingekuwa kwa vidole, ningesema imekosea mahali. Lakini ilikuwa hapo hapo. Nikafikiri imejua zaidi yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mjumbe mmoja akaandika kitu. Daktari Lamya akavua miwani, akasema, bila ukali wowote, kwamba nesi anayeandika dalili kisha asiifuate ameshajihukumu mwenyewe. Angekuwa hakuandika, ingekuwa ni bahati mbaya. Ameandika.

Na hilo nalo nikalitafsiri. Kazi yangu siku ile ilikuwa kumletea mtu hukumu yake kwa lugha anayoielewa vizuri.

Hawakumfukuza. Neno hilo halikutumika. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, wakasema hautafanywa upya. Niliandika barua mbili, moja kwa kituo, moja kwa kampuni. Ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani. Ya pili Bwana Murshid alinirudishia mwenyewe mezani, akaiweka, akanishika bega, akaenda zake. Bi Nasriya naye, nasikia, alimwamuru Saeed aifute barua yake, na Saeed akaenda kuifuta, akaambiwa suala limeshafungwa na halihitaji tena barua yake.

Nilimpeleka Jerusha uwanja wa ndege. Njiani nikamwomba radhi, vibaya, kwa maneno mengi. Akaniacha nimalize.

"Wewe ulisema ukweli pale ndani," akasema. "Mimi pia nilisema. Sasa tungefanya nini tena?"

Nilitaka sana anitukane. Akanikumbatia, akachukua mabegi yake mawili, akaingia.

Toleo jipya likatoka baada ya miezi minne, na picha za hina za kutosha pande zote mbili, na mimi nikalipima mpaka nikachoka, na kwa hina sasa halidanganyiki. Nini kingine kinalidanganya, sijui. Ripoti ile nyingine ya Daktari Lamya ikatoka pia. Ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba manesi wote wafundishwe kusoma ramani ipasavyo, na kwamba mwalimu awe aliyeitengeneza. Bwana Murshid akafurahi sana.

Kwa hiyo asubuhi moja nikasimama mbele ya manesi ishirini na wawili katika ukumbi wa mikutano. Nikawaeleza viraka arubaini na tisa. Nikawaeleza kwamba ramani ya salama si ramani ya hatari, kwamba wekundu si ushahidi wa kuona, kwamba wasiache hata siku moja ramani iushinde mkono wao. Hilo nilisema mara tatu. Waliandika, wanawake makini wote.

Mmoja akainua mkono. Kwenye beji yake paliandikwa Carol, na lafudhi yake ilikuwa ya Jerusha.

"Madam, samahani. Mkono wangu ukisema ni mbaya na mashine iseme ni sawa, nifanye nini?"

"Fuata mkono wako. Mpe mgonjwa rufaa."

"Tunaambiwa tukituma wengi bure tunajaza hospitali. Wanahesabu. Sasa kama siko sure?"

"Basi angalau andika," nikasema. "Kabla hujafungua mashine, andika mkono wako umeona nini. Ili ijulikane."

Carol akaniangalia. Hakuwa na ubishi wala kejeli, alikuwa anataka tu kujua.

"Lakini Jerusha aliandika," akasema. "Si ndiyo maana walimwondoa kazini?"

Kalamu zote zikasimama. Wote ishirini na wawili wakangoja. Nikageukia kompyuta, nikafungua ukurasa uliofuata.